Ami yangu anatukana kwenye grupu la ukoo na adimini ni mie

Shangazi salaam aleikum. Mie kijana wa kiume, miaka 26, kwetu Kisauni. Grupu la wasap la ukoo wetu adimini ni mie, sikuomba, walinipa tu manake ati najua mambo ya simu. Tuko watu kama 140, wa hapa Mombasa, wa Malindi, wa Lamu, na wengine wako Uarabuni kikazi. Shida ni ami yangu, mkubwa kwa babangu. Akikasirika anatukana humo humo mbele ya wakubwa na watoto, matusi ya nguoni, na usiku ndo mbaya zaidi, voisi juu ya voisi. Nimemuandikia inboksi kwa heshima zaidi ya mara moja, anajibu "wewe mtoto wa juzi ndo utanifunza adabu mimi?" Wiki ilopita kasema kwa voisi kwamba mtoto aliezaa binti wa shangazi yangu si wa mumewe. Na huyo mume yumo kwenye grupu! Binti katoka, mamake katoka, wengine wanatoka kimya kimya naona mie tu. Mabinamu wanasema mtoe, si wewe ndo adimini. Babangu anasema nikimtoa kakake nimekata udugu na hana radhi nami. Na huyo ami pia ni adimini, alipewa kwa heshima ya ukubwa. Kila usiku nalifungua jina lake naliangalia alafu nafunga simu. Nifanyeje?

Adimini asotaka uadimini, Kisauni

*

Waaleikum salaam mwanangu. Atatoka, hilo sikufichi, na wa kumtoa ni wewe. Lakini si leo usiku na si kwa hasira za mabinamu, manake hao wanaokwambia mtoe mtoe, siku ami akija mlangoni kwenu na bakora yake hutamuona hata mmoja.

Tuanze na babako, juu yeye ndo mzito kuliko ami. Neno lake la udugu si la kupuuza, hadithi ipo na ni sahihi, mkata udugu haingii peponi, na ami atakutupia hiyo hiyo siku ya kwanza. Sasa usende ukabishane na mzee kwa mambo ya wasap, utashindwa. Nenda naye kwa kile anachokijua. Muulize baba, Mistah alikuwa nani wa Abubakar? Atakwambia, wazee wetu wanaijua hii, ni kisa cha Bi Aisha aliposingiziwa, kimo ndani ya Suratun Nur. Mistah alikuwa jamaa wa damu wa Abubakar, maskini, na Abubakar ndo aliekuwa akimlisha. Naye akawa katika waloeneza ule uzushi juu ya binti wa huyo huyo anaemlisha! Imepokewa kwamba aliadhibiwa yeye na wenzake. Abubakar akaapa hatompa kitu tena, ndipo ikashuka aya ya 22, wenye uwezo wasiape kuacha kuwapa jamaa zao, wasamehe waachilie mbali, kwani hampendi Mungu awasamehe nyinyi? Na Abubakar akarudisha posho ile ile.

Umeona hapo mwanangu. Adhabu ilipita, na udugu ukabaki, vyote viwili kwa mtu mmoja. Hakuna aliesema kwa vile ni jamaa basi auwachiwe ulimi, na hakuna aliesema kwa vile kakosa basi asilishwe. Na neno alosema ami wako si tusi la kawaida, ni lile la aya ya 4 ya sura hiyo hiyo, kumzulia mwanamke alojihifadhi bila mashahidi wanne, na hukumu yake ni viboko 80 na ushahidi wake usikubaliwe tena. Mie simuhukumu mtu hapa, mie si kadhi, nataka tu babako alione lile neno kwa uzito wake, juu mkisema "ami ana mdomo" mnalifanya dogo. Mwambie baba hivi: mie simtoi ami ukooni, sina uwezo huo wala wewe huna. Namtoa chumba kimoja cha kuongea. Mlango wa kwake nitaugonga Ijumaa kama kawaida.

Ngoja nikusimulie ya binti mmoja wa Majengo, jirani yangu nikimjua tangu mdogo, aliepitia haya yote, nawe ujionee wapi panapokwama.

Ukoo wao pia mkubwa, grupu lao lilianza kwa mchango wa arusi likageuka baraza. Amiye, mdogo wa babake, mtu alosafiri melini miaka mingi, mcheshi ukimkuta maskani utacheka mpaka utoe machozi. Lakini akishika simu usiku ni mtu mwengine. Alianza kwa mafumbo, akaingia matusi, mwisho akamvamia mke wa mpwa wake, msichana wa bara aliesilimu juzi juzi, akamwita mjakazi mbele ya watu wote, na kila akiandika hata "amin" kwenye dua yeye yuko nyuma yake na neno. Yule msichana akanyamaza kabisa. Wakati huo binti yetu ndo adimini, na alikuwa na wenzake watano maadimini, huyo ami mmoja wao.

La kwanza alilofanya ni lile wengi wanalolikimbilia, akafunga grupu. Aliingia kwenye setingi akaweka waongee maadimini tu, akidhani kelele zitatulia. Kumbe amesahau ami ni adimini! Ikawa wasokuwa maadimini wote midomo imefungwa na ami ndo ana maikrofoni, usiku kucha anahutubia na hakuna hata mmoja wao wa kumwambia haya bwana lala. Mie nilicheka alaf nikahuzunika. Na juu ya hilo, zile siku lilipofungwa mzee mmoja wa Malindi alikuwa amelazwa, watu wanataka kumuombea dua hawawezi, wakaanza kumlaumu yeye binti badala ya ami. Kwa hivo weye hiyo usiijaribu. Kufunga grupu ni kuwaadhibu 139 kwa kosa la mmoja, na kwa hali ya kwenu hata huyo mmoja hutomfikia.

La pili ndo alipata akili. Alimuendea shangazi yake mkubwa, dada wa huyo ami, kibibi cha kule Kibokoni ambacho ami akikiona anavua viatu mbali. Hakumpelekea maneno, alimpelekea sauti. Akakaa naye kwenye mkeka akamtilia voisi mbili tu, si zote, mbili, na yule kibibi akasikiza mpaka mwisho kisha akasema "zima" na hakusema kitu mpaka kahawa ikaja. Manake ukweli ni kwamba wazee wetu wengi hawazisikii hizi voisi, simu zao zina meseji elfu hawafungui, wanapata habari kwa umbea kwamba fulani kamkosea fulani, wanasema ah vijana mnakuza mambo. Akisikia sauti ya ndugu yake mwenyewe na lile neno, hapo hakuna tena kukuza.

Na hapa nisimame kidogo nikwambie kitu cha simu. Hizo voisi ziweke kabla hujafuta lolote. Ingia kwenye grupu, tafuta `Export chat`, chagua na midia ndani, ujitumie kwa imeili yako na ubaki nayo wewe peke yako. Alafu ile ya binti wa shangazi yako ifute kwa wote, adimini anaweza kufuta meseji ya mtu mwengine kwa `Delete for everyone`, lakini ukikawia siku chache hiyo nafasi inaondoka, na umesema ni wiki ilopita kwa hivo jaribu leo usishangae ikikataa. Usianze kufuta kabla ya kuweka, manake kesho ami atasema "mie nilisema nini? Nionyesheni," na nyote mtakuwa mnatazamana. Na hizo voisi zisisambae, usimtumie binamu hata mmoja, zile ni aibu ya mwanamke kabla ya kuwa ushahidi wako.

Turudi. Kibibi akampigia ami aje kwake Ijumaa baada ya alasiri. Walikuwa watu wanne tu, kibibi, ami, babake binti, na binti mwenyewe kakaa karibu na mlango. Nasema wanne kwa makusudi, juu kikao kikiwa cha watu kumi mtu mzima hawezi kukubali kosa hata akitaka, anakuwa anatetea uso wake. Kibibi hakumfokea. Alimuuliza jambo moja, "yule mtoto wa watu amekukosea nini?" Ami akaanza na siasa za ukoo, nani alikula mchango wa nani, nani hakumsalimia hitimani mwaka juzi. Kibibi akamrudisha pale pale, "sikuuliza hayo, yule mtoto amekukosea nini?" Mara ya tatu ami akanyamaza. Wakakubaliana: akirudia mara moja tena anatolewa, hakuna kikao chengine, na wa kumtoa ni huyu binti kwa amri ya kibibi si kwa ujeuri wake. Ami akasema sawa. Akanywa kahawa yake na kashata akaenda zake.

Alikaa kimya wiki mbili hivi. Alaf usiku mmoja akarudia, na safari hii akamchanganya na kibibi.

Sasa sikiza vile alivomtoa. Hakumtoa usiku ule. Usiku watu wako kwenye simu, wenye kuchochea wako macho, na yeye ami yuko kwenye moto wake, angejibu kwa namba nyengine papo hapo. Alingoja asubuhi, saa tatu, watu wako makazini. Kwanza alimpigia amiye simu, si meseji, akampa salamu na shikamoo yake kamili akamwambia "ami, ile ahadi ya kwa shangazi nitaitimiza leo, nimeona nikwambie mie mwenyewe kabla hujaona kwenye simu." Ami akamkatia. Sawa, akate, lakini hatoweza kusema alifukuzwa kama mwizi.

Pili akawapigia wale maadimini wenzake mmoja mmoja. Hii watu hawaitilii maanani na ndo inayowaumiza: adimini yeyote anaweza kumrudisha mtu dakika hiyo hiyo, na ukishamtoa ukarudishiwa mbele ya watu wote mchezo umekwisha, huna tena sauti. Mmoja wao alikuwa mtoto wa ami mwenyewe. Huyo hakumwambia akubali, alimwambia "mie sikutaki umtoe babako, nakuomba tu usimrudishe," na kijana akasema wallahi bora, hata mie nimechoka na aibu. Akamvua yule ami uadimini kwanza, ukibonyeza jina lake kwenye orodha kuna `Dismiss as admin`. Kisha akenda kwenye ruhusa za grupu akaweka kuongeza watu iwe kazi ya maadimini pekee, akawasha `Approve new members` ili anaekuja kwa linki asubiri mlangoni, na ile linki ya zamani akaibadilisha kwa `Reset link`. Hapo ndo akabonyeza `Remove`.

Ile ya kusubiri mlangoni ndo iliyomuokoa. Jioni ile ile ikaja ombi la namba ya Tanzania isokuwa na picha, ati "mwanafamilia." Nani asiejua? Ilibaki pale mlangoni mpaka ikachoka.

Na ujue ukimtoa mtu grupu zima linaona ule mstari kwamba fulani kamtoa fulani, jina lako lipo pale kila mtu alisome. Mtu akitoka mwenyewe ndo hiyo wanaona maadimini tu, kama ulivowaona hao wengine. Kwa hivo usiuwache ule mstari peke yake watu waujazie maneno. Yule binti alikuwa kashaandika meseji yake kwenye notsi, akaibandika papo hapo. Nilimuomba aniwekee, ilikuwa hivi:

"Assalaam aleikum wazee wetu na ndugu. Ami yetu ametolewa kwenye grupu hili leo kwa makubaliano yaliyofanywa kwa shangazi mkubwa mbele yake mwenyewe. Yeye ni mzee wetu na nafasi yake kwenye ukoo iko pale pale. Habari za misiba na arusi atapigiwa simu na babangu. Naomba jambo hili lisijadiliwe hapa, mwenye neno aende kwa shangazi. Ahsanteni."

Basi. Angalia vile hakuyataja matusi, hakumtaja yule msichana, hakujitetea. Kila sentensi ungeongeza pale ni mlango wa mtu kuingia na "lakini." Kuna wawili walijaribu, akawajibu kila mmoja "nendeni kwa shangazi," na hakuna hata mmoja alokwenda, manake kwenda kwa kibibi kunataka nauli na kunataka uso.

Ile ahadi ya simu ya misiba ndo nataka uishike kuliko yote, hata kuliko setingi. Sisi Waislamu maiti haikai, mtu akifa alfajiri pengine adhuhuri ashapelekwa Kikowani. Grupu ndo linalotangaza siku hizi, zamani alitumwa mtoto na baiskeli. Sasa mtu ulomtoa akikosa maziko ya jamaa yake kwa sababu hakuna aliemwambia, hilo halisameheki mwanangu, na hapo babako atakuwa sawa kabisa, umekata udugu. Kwa yule binti ilitokea miezi michache tu baadae. Akafariki mama mmoja wa Tudor, mkubwa wao, usiku wa manane. Tangazo likawekwa grupuni kabla ya alfajiri. Babake binti akampigia ndugu yake, simu imezimwa. Akapiga tena, imezimwa. Angeweza kusema mie nimepiga. Hakusema hivo, alimwamsha kijana wa jirani mwenye bodaboda akamlipa akamwambia nenda mpaka mlangoni gonga mpaka afungue. Ami akawahi kuswalia. Alikuja, akalibeba jeneza kama wengine, na alipompita binti kwenye ua wa msibani hakumsalimia, akatazama pembeni. Binti akaamkia shikamoo hivo hivo. Hakujibiwa.

Baada ya hapo walifungua grupu la pili la matangazo matupu, wanaoandika ni maadimini wawili tu, na ami kawekwa mle. Anasoma kila kitu, hawezi kuandika. Mara moja moja anaweka ile sura nyekundu ya hasira juu ya tangazo la mchango, wanamuwacha. Mie hili ndo ningekushauri weye uanze nalo kabisa, ulifungue kabla hujamtoa kwenye lile kubwa, ili siku utakapomtoa iwe umemuhamisha. Halimalizi haja ya simu lakini, mzee asokuwa na bando ni sawa na aliekuwa hayumo.

Kurudi je? Kibibi aliweka sharti moja, amuombe radhi yule msichana pale pale alipomtukania, yaani kwa voisi, grupuni, watu wasikie. Atarudishwa dakika moja aombe, ikikubaliwa akae. Mpaka leo navoandika hajaomba. Inboksi alishamwambia mumewe "mwambie mkeo yaishe," wakamjibu vizuri lakini hilo halikuhesabiwa, manake alitukana mbele ya watu wote hawezi kuomba radhi mbele ya mtu mmoja. Watu wengine wanaona ni ukali, mie naona ni haki, na ami mwenyewe bado anakula kwa kibibi kila Jumapili.

Kwako wewe. Tafuta nani kwenu ndo kibibi. Isiwe babako, yeye ni mdogo wa ami utamuonea. Inaweza kuwa dada yao, inaweza kuwa shemeji mwenye heshima, imamu wa msikiti wenu kama ami anamsikiza. Hawezi kukosekana mtu ambae ami mbele yake hasemi tusi, manake hajamtukana kila mtu, umewahi kuangalia nani hajamtukana? Huyo ndo wako.

Kwa hilo la binti wa shangazi yako usingoje kurudia tena ndo atoke, ile voisi peke yake inatosha, na kikao kiwe cha kumjulisha si cha kumuonya. Hakuna anaepewa onyo la pili kwa kuzulia mtu zinaa. Mabinamu wakianza na polisi, waambie sheria ipo, ile ya makosa ya kompyuta na mtandao ya 2018, kifungu cha 27 cha kumuandama mtu mtandaoni, faini mpaka milioni 20 au kifungo mpaka miaka 10, au vyote viwili. Lakini mwenye kesi ni binti mwenyewe, si wewe wala wao, na kesi ikishaingia stesheni kuitoa si rahisi kama kuiingiza. Ami akianza kumtishia kumdhuru au kumfuata nyumbani hapo sitokwambia subiri kikao, hapo nendeni, na zile voisi ulizojitumia imeili ndo zitahitajika.

Na kabla ya yote haya, kabla ya kibibi, kabla ya baba, nenda kwa huyo binti. Nimesoma barua yako mara mbili, umeniambia ami kasema nini, baba kasema nini, mabinamu wanasema nini, binti yeye umesema "katoka" basi. Nenda na dadako au mamako, si peke yako, mkae naye na mumewe, umwambie unachotaka kufanya na umuulize kama kuna jambo hataki lifanyike. Pengine hataki voisi ile isikilizwe na mtu yeyote tena hata huyo mzee, basi haitosikilizwa, mtamueleza mzee kwa mdomo. Mumewe mwambie mbele yake kwamba nyinyi ukoo hamna shaka na mtoto, na kisheria yetu mtoto alozaliwa ndani ya ndoa ni wa mwenye ndoa, hilo halina mjadala wa wasap. Lisemwe na mwanamume wa ukoo, kwa sauti, ndani ya nyumba yake.

Ami akishatoka usimuongeze binti grupuni kwa kubonyeza tu ukadhani umemfurahisha. Mpigie umuulize. Akisema hataki kurudi, muweke kwenye lile la matangazo na mamake kama wataridhia, na usimuulize tena.